Swali la priklampsia kwenye mtihani wa ukunga: unaanza na nini?

Nimefanya kazi wodi ya wazazi, na sasa nasahihisha mitihani ya wanafunzi wa ukunga. Kwenye swali la priklampsia, wengi wanaoanguka wanaujua ugonjwa vizuri. Kinachowaangusha ni kwamba wanaueleza badala ya kumhudumia mama aliyeko kwenye swali. Tuchukue mfano huu.

“Mama wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 34. Kichwa kinamuuma tangu jana, anaona ukungu, na ana maumivu kwenye chembe ya moyo. Presha ni 164/112. Mkojo una protini +++. Miguu haijavimba. Eleza hatua utakazochukua mara moja.”

Sentensi ya miguu imewekwa kwa makusudi. Wajawazito wengi huvimba miguu bila kuwa na priklampsia, na mwenye priklampsia kali anaweza asivimbe kabisa. Kwa hiyo usiitumie kuthibitisha ugonjwa wala kuukanusha. Presha ya 140/90 au zaidi iliyoanza baada ya wiki 20, pamoja na protini kwenye mkojo, inatosha kuuita ugonjwa kwa jina. Ikifika 160/110, hali ni kali. Kichwa na macho vinaonyesha kwamba ubongo umeguswa, na degedege linaweza kuja wakati wowote.

Maumivu ya chembe ya moyo ndiyo yanayopotosha zaidi. Hapo ini limeathirika na gamba lake linavutwa. Nimesoma majibu mengi yanayompa mama huyu dawa ya vidonda vya tumbo, na parasetamoli ya kichwa, kisha yanamrudisha nyumbani. Kwa mjamzito aliyepita wiki 20, chembe ya moyo ikiuma, pima presha kwanza.

Sasa maneno “mara moja”. Ukiandika kwamba utapima presha tena baada ya saa 4, umejibu swali la mama mwingine, yule ambaye presha yake haijawa kali. Huyu unarudia kipimo ndani ya dakika 15, huku maandalizi yakiendelea. Usisubiri majibu ya maabara.

Anza hivi: ita msaada, usimwache peke yake, mlaze kwa ubavu wa kushoto, hakikisha anapumua vizuri, weka kanula. Kisha mpe magnesiamu salfeti. Andika wazi kwamba dawa hii ni ya kuzuia degedege. Si dawa ya kushusha presha, na anayeitaja kwa kazi hiyo anaonyesha hajaielewa.

Dozi ya kuanzia ni gramu 14, na hapa hesabu inahitaji utulivu. Dawa ya asilimia 50 ina gramu 1 katika kila mililita 2. Gramu 4 za mshipani ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji safi ya sindano upate mililita 20 za asilimia 20, uzisukume polepole, si chini ya dakika 5. Gramu 10 zilizobaki hazichanganywi na maji. Choma gramu 5, yaani mililita 10, ndani kabisa ya msuli wa kila tako, na kila bomba la sindano liwe na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2, kwa sababu sindano hii inauma sana.

Baada ya hapo shughulikia presha, kwa mfano kwa haidralazini miligramu 5 mshipani polepole. Lengo ni namba ya chini ikae kati ya 90 na 100. Ikishuka zaidi ghafla, damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Weka mpira wa mkojo. Usimpe dripu nyingi, kwa kuwa mapafu yake hujaa maji kirahisi. Wala usimpe dawa ya kukojoza eti kwa sababu ana presha.

Kama swali limekuweka kwenye kituo kidogo, mpe dozi nzima ya kuanzia ndipo umsafirishe, akiwa na mhudumu pembeni. Kama yupo hospitali, dozi inayofuata ni gramu 5 kwenye msuli kila baada ya saa 4. Kabla ya kila sindano hesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Gonga goti uone mguu unashtuka. Na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, usichome. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa mfuko na barakoa, na umpe kalsiamu glukoneti gramu 1 mshipani polepole. Dawa hiyo iwe tayari kando ya kitanda tangu sindano ya kwanza.

Na swali likiendelea hadi kujifungua, kondo la nyuma ni la oksitosini. Ergometrini hupandisha presha, kwa hiyo mama huyu hapewi.