Vidonge vya kupanga uzazi kwa joto la kukoma hedhi

Swali: «Niko Goma, nina miaka 51. Siku zangu zimekatika tangu mwaka jana, na usiku joto linanipanda hadi shuka linalowa. Jirani kanigawia pakiti ya vidonge vya kupanga uzazi, anasema navyo vina homoni. Tansio yangu inacheza kwenye 150/95. Nimeze?»

Mdogo wangu, usimeze. Mimi niko Bukavu, nimekutangulia miaka michache, na homoni natumia. Sikukatazi homoni, nakukataza hiyo pakiti.

Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa yenye nguvu ya kuzuia yai lisitoke. Ukiimeza, inapita kwanza kwenye ini, na ini linaongeza protini zinazogandisha damu. Tansio nayo inaweza kupanda zaidi. Binti wa miaka 22 mwenye afya huwa mbali na hatari hiyo. Mtu wa umri wetu mwenye tansio, au anayevuta sigara, yuko karibu nayo: damu kuganda mguuni na kukimbilia mapafuni, kiharusi, moyo.

Mama yangu aliganda damu mguuni baada ya kujifungua, na mimi nina tansio. Daktari alinizungusha kwa maswali: kama mimi mwenyewe nimewahi kuganda damu, saratani ya titi, kutokwa damu baada ya hedhi kukoma. Jibu moja la ndiyo lingebadilisha mpango wote. Kisha akaniweka kwanza kwenye dawa ya tansio. Iliposhuka chini ya 140/90 na kutulia, akaniandikia jeli ya estradioli, estrojeni ya kupaka mkononi, na kapsuli ya projesteroni 100 mg kila usiku, kwa sababu nina kizazi: estrojeni peke yake huotesha ukuta wake na inaweza kuleta saratani. Estrojeni inayopita kwenye ngozi hairundikani kwenye ini, na kwa dozi ya kawaida haijaonekana kuongeza damu kuganda kama kidonge. Jeli ni ghali na huku haipatikani kila famasi, mimi huiagiza.

Wengine watakutisha na utafiti wa Marekani wa 2002. Kweli, vidonge vya homoni vya kukoma hedhi viliongeza kiharusi na damu kuganda mapafuni, takriban wanawake 8 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka kwa kila moja. Lakini wale walikuwa na wastani wa miaka 63, mishipa ya wengi imekwisha kuziba kidogo. Ukianza kabla ya 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hesabu ya moyo ni nafuu zaidi. Hata hivyo, usiitumie kama dawa ya kulinda moyo. Ni ya joto na usingizi.

Ukishaanza, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu lake, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuchoma ukivuta hewa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza.