Kunyoosha makunyanzi, kola na tai kwenye picha rasmi bila kubadilisha nguo

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Nimempiga mteja picha ya kiofisi: koti la bluu iliyokoza, shati jeupe, tai ya mistari. Nilipofungua picha kwenye Photoshop ndipo nikaona koti lina makunyanzi, ncha moja ya kola imetokeza juu ya koti na tai imekaa upande. Nikitumia Healing Brush kitambaa kinakuwa kama plastiki, nikivuta kwa Liquify mistari ya tai inapinda. Mteja hataki nguo yake ionekane nyingine. Naanzia wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Anza na kola, fuata tai, makunyanzi yaje mwisho. Ukianza na makunyanzi utafanya kazi mara mbili, kwa sababu ukija kusogeza kola na tai utafunua sehemu za shati na koti ambazo hukuzigusa, na vivuli vya zamani vitabaki peke yao bila kitu kinachovitupa.

Kabla ya yote, itazame picha nzima na utenganishe mikunjo ya aina mbili. Ipo ambayo pasi ingeiondoa: alama ya kukaa kwenye gari, mstari wa nguo iliyokunjwa kabatini, vijikunjo vya begani. Na ipo ambayo mwili ndio umeikunja: kwenye kwapa, kwenye kiwiko, na ile inayotawanyika kutoka kwenye kifungo cha koti kilichofungwa. Ya kwanza iondoe. Ya pili ipunguze tu, kwa sababu ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba ndani ya koti kuna mtu. Mishono, pamoja na ile mishono midogo inayopita pembezoni mwa ukosi wa koti, haiguswi kabisa. Niliwahi kuifuta kwa haraka kwenye picha ya bwana mmoja, naye akaligundua jambo hilo kabla hata hajatazama uso wake: koti alilishonesha mwenyewe, na alikuwa akiijua mishono yake.

Sasa kola. Ncha iliyotokeza juu ya ukosi wa koti inatakiwa kulala chini yake. Usiivute kwa Liquify, maana utavuta pamoja nayo ukosi, shati na shingo. Ikate kwa Pen Tool, ukifuata ukingo wake kwa ndani kidogo, pikseli moja hivi, ili usichukue weusi wa koti. Geuza njia hiyo kuwa uteuzi, bonyeza Ctrl+J, nayo itakaa kwenye leya yake. Katika leya iliyo chini yake, ziba mahali ilipokuwa. Chukua Clone Stamp, Sample iwe Current & Below, chota kitambaa cha ukosi kutoka chini kidogo ya hapo, na upange ukingo na mishono yake viendelee bila kukatika.

Rudi kwenye leya ya kola, bonyeza Ctrl+T, kisha hamisha ile alama ndogo ya mhimili, isipoonekana iwashe kwenye upau wa juu, uiweke pale kola inapoingia chini ya fundo la tai. Kola halisi huzungukia hapo, kwa hiyo ukiizungusha kutoka hapo itaangukia mahali pake bila kulazimishwa. Mara nyingi digrii chache tu zinatosha. Kama ncha imejikunja, maliza kwa Warp. Kisha iwekee maski na ufiche sehemu inayoingia chini ya ukosi.

Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo kosa huonekana. Kola hutupa kivuli kwenye shati. Umeihamisha kola, kivuli kimebaki palepale. Kifute kwa kitambaa cha shati kilicho jirani, halafu tengeneza kipya: leya mpya, Multiply, rangi uichote kwenye kivuli cha kola ile nyingine ambayo iko sawa, brashi laini, Opacity ya asilimia 10 hivi, upake taratibu. Usitumie nyeusi. Kivuli cha shati jeupe kina rangi, mara nyingi cha kibuluu au cha kijivu chenye joto, kutegemea taa zako.

Watu huniuliza kwa nini wasinakili kola iliyo sawa, waigeuze na kuibandika upande wa pili. Taa kuu iko upande mmoja, kwa hiyo kola iliyogeuzwa huja na mwanga wa upande usio wake. Lakini kama ncha imegeuka mpaka unaona upande wake wa ndani, hakuna mvuto utakaoleta upande wa juu, kwa sababu haupo kwenye picha. Hapo tafuta picha nyingine ya kikao hichohicho ambamo kola imelala vizuri, uichukue humo. Taa ni ileile, shati ni lilelile, kwa hiyo nguo haijabadilika.

Kwenye tai, kwanza tafuta mstari wa katikati. Usitumie katikati ya picha. Tumia safu ya vifungo vya shati, kwa sababu mtu akiwa amegeuka kidogo safu hiyo inageuka naye. Ikate tai yote, fundo na kipande kipana pamoja, uiweke kwenye leya yake na uifanye Smart Object. Sehemu ya shati itakayofunuliwa izibe kama ulivyofanya kwenye ukosi.

Kisha nenda Edit, Puppet Warp, na Mode uiweke Rigid. Hali hii huilinda tai isitanuke kama mpira. Weka pini moja kwenye fundo, moja chini yake kidogo, na moja pale tai inapopotelea ndani ya koti. Sogeza pini ya chini kwanza, ya kati ifuate. Fundo likiwa limeinama, lichague kwa pini yake, shikilia Alt na usogeze mshale karibu na pini mpaka duara lijitokeze, kisha lizungushe. Pini zikizidi nne au tano, mistari huanza kuyumba, na hilo ndilo lililokukuta kwenye Liquify: brashi yake husukuma sehemu ndogo na kuiacha jirani yake. Ukimaliza, fuata mistari miwili mitatu kwa jicho. Umbali kati yao uwe uleule kutoka juu mpaka chini. Kile kibonyeo chini ya fundo kiache, mfungaji alikiweka kwa makusudi. Kipande chembamba cha nyuma kikichungulia pembeni, kizibe kwa shati.

Sasa tuje kwenye plastiki yako. Kunyanzi kwenye picha ni mwanga na kiza vilivyokaa juu ya nyuzi. Healing Brush huleta nyuzi za mahali pengine na kulainisha mwanga kwa wakati mmoja, na ukirudia mara kumi nyuzi zinayeyuka. Dawa ni kutenganisha viwili hivyo. Unganisha ulichofanya kwenye leya mpya kwa Ctrl+Alt+Shift+E, kisha uinakili. Ya chini iite Low, ya juu High. Zima High kwanza, kisha kwenye Low weka Gaussian Blur, ukipandisha Radius mpaka ufumaji wa kitambaa utoweke lakini kunyanzi bado lionekane, usimame hapo. Kwa picha ya kifua ya megapikseli 24 mimi huanzia kwenye 10. Kisha iwashe tena High, simama juu yake, fungua Image, Apply Image:

```
Layer: Low
Blending: Subtract
Scale: 2   Offset: 128
```

Hayo ni ya faili la biti 8. Kwa biti 16 chagua Add, weka alama kwenye Invert, Scale 2, Offset 0. Badilisha High iwe Linear Light, na picha itarudi kama ilivyokuwa. Isiporudi, kuna namba umekosea, usiendelee.

Kazi kubwa iko kwenye Low. Zungushia kunyanzi kwa Lasso yenye Feather ya pikseli 20 hivi, uweke Gaussian Blur mpaka kiza na mwanga vichanganyike. Uteuzi usivuke mshono wala usiguse tai, maana rangi itavuja na utaona ukungu mwekundu au wa bluu kwenye shati. Bega, ukosi na mfuko kila kimoja kifanye peke yake. Mkunjo mkali wa kabatini utakuachia mstari mwembamba hata baada ya hapo, kwa sababu umeingia kwenye nyuzi zenyewe. Huo uondoe kwenye High kwa Clone Stamp, Sample iwe Current Layer, Hardness juu, ukichota kwenye mwelekeo uleule wa ufumaji. Brashi laini kwenye High huchanganya nyuzi mbili na kuirudisha ile plastiki.

Mabaki yamalizie kwa leya mbili za Curves, moja ya kuangaza na moja ya kutia kiza, kila moja ikiwa na maski nyeusi na hali ya Luminosity ili rangi isikolee. Paka nyeupe kwenye maski kwa Flow ya asilimia 3 hadi 5. Kwenye koti la rangi nzito makunyanzi huonekana kama michirizi ya mwanga, basi huko utatia kiza zaidi. Kwenye shati jeupe huonekana kama vivuli, huko utaangaza.

Njia hii ina mpaka wake. Kwenye koti la miraba mikubwa, miraba nayo huingia Low na ukilainisha unaifuta. Na kunyanzi likipinda mistari ya kitambaa, kusawazisha mwanga kutaacha mistari iliyopinda juu ya kitambaa kilichonyooka. Hapo kata kipande hicho na ukinyooshe kwa Warp kwanza, mwanga ufuate.

Kukagua, weka juu kabisa leya ya Curves yenye mpindo mkali wa S. Mabaka uliyoyaacha yatajitokeza mara moja. Izime, kisha igeuze picha kwa Flip Canvas Horizontal, uone kama tai bado iko kwenye safu ya vifungo. Mwisho weka leya zote za makunyanzi kwenye kundi moja na ushushe Opacity yake mpaka karibu 80, huku leya iliyo chini ya kundi ikiwa ni picha ambayo kola na tai vimeshanyooshwa. Kivuli kidogo cha kila mkunjo kitarudi, na koti litaendelea kuwa lilelile alilokuja nalo.