Mstari mweupe kwenye sandali hautoki kwa Feather

Swali: Fundi habari za kazi. Natengeneza sandali za ngozi hapa Mombasa, nazipiga picha juu ya karatasi nyeupe, nazikata kwa Photoshop halafu nasevu PNG. Nikiziweka kwenye posta ya maruni naona mstari mweupe umezunguka sandali yote, na kivuli kinakuwa kama doa la majivu. Nimeongeza Feather mpaka 5 bado tu. Nakosea wapi?

Jibu: Dada yangu, hiyo Feather irudishe 0 kwanza ndo tuongee. Kila wiki naletewa picha zenye ugonjwa huu huu na kila mtu ameambiwa na mtu "ongeza Feather, ukingo utalainika", na aliyemwambia hajawahi kuizumu hiyo picha aangalie kinachotokea pale pembeni.

Ukizumu mpaka uone vile vimiraba, pale ngozi inapoishia hakuna mstari mkali, kuna pikseli moja au mbili ambazo ni mchanganyiko, nusu ngozi nusu karatasi. Kamera ndo ilivyoziona. Tuseme mwangaza wa ngozi yako ni 90 kati ya 255 na karatasi ni 255, basi pikseli ya nusu kwa nusu inakuja kama 172. Wewe ukikata unaifanya iwe nusu wazi, sawa, lakini ile rangi ya 172 imebaki mle ndani na weupe wa karatasi umo. Sasa iweke juu ya maruni yenye mwangaza wa 40, nusu ya 172 ni 86 ongeza nusu ya 40 ambayo ni 20, unapata 106. Yaani ukingo unang'aa kuliko ngozi na kuliko posta yenyewe, na jicho linauona hapo hapo. Ingekuwa ni rangi ya ngozi tupu ungepata 65, ukingo ungejificha wenyewe.

Kwa hiyo tatizo ni rangi iliyobaki kwenye ukingo, mkono wako hauna kosa. Feather haigusi rangi kabisa, inachofanya ni kuutanua ule ukanda wa nusu wazi, unaenda nje kuokota karatasi zaidi na unaingia ndani kuila ngozi. Kwenye bakgraundi nyeupe inaonekana laini na nzuri, na ndo maana watu wanaisifia.

Fanya hivi. Chukua Pen Tool, zumu 200% au 300%, pita ndani ya ngozi kama pikseli moja, usipite juu ya ukingo wenyewe. Usisahau matundu kati ya mikanda, hapo ndo karatasi hubaki mara nyingi. Kwenye Make Selection weka Feather Radius 0 na Anti-aliased iwe na tiki, kisha tengeneza maski. Kwa ngozi iliyokatwa kwa kisu hapo umemaliza karibu yote. Panapobaki ni penye nyuzi za mshono na ngozi iliyochanika chanika, hapo kalamu haiwezi, ukiilazimisha sandali itaonekana imekatwa kwa mkasi. Acha ukingo wake ulivyo ila ubadilishe rangi: fungua leya mpya juu, ibane kwa Create Clipping Mask, okota rangi ya ngozi ndani kidogo kama pikseli tano hivi, paka kwenye ukingo kwa brashi ndogo. Uwazi unabaki ule ule, karatasi inaondoka. Kuna pia Layer > Matting > Defringe ukiipa 1 inafanya karibu hivyo hivyo kwa haraka, ila inataka maski iwe imeshayeyushwa ndani ya leya kwa Apply Layer Mask, kwa hiyo fanyia kwenye kopi.

Na ukiona weupe umeingia ndani sana, sio pikseli mbili ila ubavu mzima wa soli umepauka, huo sio wa kukata tena, ni mwanga umegonga karatasi ukarudi kwenye soli. Piga upya, karatasi iliyo pembeni ya sandali ifunike kwa kitu cheusi halafu upige.

Kivuli sasa. Hapa ndo nachoka kabisa na mafundi wa njia ya mkato. Wanakiacha kivuli cha picha na karatasi yake, wanaweka leya Multiply inayoificha nyeupe, kwenye kompyuta yao kinapendeza, wanasevu PNG wanakutumia. PNG haibebi Multiply! Inabeba rangi na uwazi tu, kwa hiyo unaletewa kijivu chenye karatasi ndani, ndo hilo doa la majivu lako. Kivuli cha faili la uwazi kinatakiwa kiwe cheusi tupu, kinachobadilika ni uwazi wake tu.

Kitoe kwenye picha yako mwenyewe. Kopi picha ya mwanzo, bonyeza Ctrl+Shift+U rangi iondoke, fungua Levels uvute pembetatu nyeupe mpaka karatasi isiyo na kivuli isome 255. Bonyeza Ctrl+A na Ctrl+C, kisha ifiche hiyo kopi. Tengeneza leya mpya chini ya sandali, ijaze nyeusi, ipe maski, shika Alt ubonyeze maski, Ctrl+V, halafu Ctrl+I. Pale kivuli kilipokuwa 204 sasa una weusi wa 20%, na juu ya maruni utaipunguza maruni kwa kiasi hicho hicho, sawasawa na Multiply ila sasa kimo ndani ya faili. Angalia kitu kimoja, sandali nayo imeingia kwenye hiyo maski, na kwa vile ulikata pikseli moja ndani utaona uzi mweusi umechungulia juu kwenye mikanda. Paka nyeusi kwenye maski sehemu zote zisizo na kivuli, acha chini ya soli tu. Ule mstari mwembamba mzito pale soli inapogusa chini usiufute hata kidogo, ukiondoka sandali inaelea. Na Drop Shadow ya kwenye menyu achana nayo, inafuata umbo la sandali kama stika iliyobandikwa ukutani, wakati sandali imekaa chini.

Nina mteja mmoja wa asali alilipia makopo 40 yakatwe, akaonyeshwa yote juu ya nyeupe akaridhika, alipoenda kuprinti maboksi meusi kila kopo lilikuwa na pete nyeupe, na boksi zimeshatoka. Aliyekata alisema ni kosa la waprintaji. Sio kweli, ile pete ilikuwemo tangu mwanzo, nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Mtu akikuletea PNG usimlipe kabla hujaiweka mwenyewe juu ya nyeusi, nyekundu na kijivu cha kati, uiangalie 100% kisha 200%. Akikuambia "haina haja, ni safi", hapo ndo uangalie zaidi. Mwambie akupe na PSD yenye sandali na kivuli kwenye leya mbili tofauti, na akutumie WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu ikija kama picha inageuzwa JPEG na uwazi wote unapotea njiani.