Taa ya upepo wa tairi haizimi: usinunue sensa kabla hujazisoma za zamani

Swali: "Hamjambo wanajukwaa. Niko Malindi, gari ni la Japani, la 2016. Taa ya upepo wa tairi imewaka tangu juzi. Nimejaza tairi zote nne kwenye kituo cha mafuta na bado haizimi. Fundi anasema betri za sensa zimekufa, ninunue sensa nne mpya, na bei ameshanipa. Pia nauliza, naweza kwenda Mokowe wiki ijayo taa ikiwa hivi?"

Rudisha hizo pesa mfukoni. Usimpe fundi hata ya chai mpaka utueleze jambo moja: ukiwasha swichi, taa inapepesa kwanza au inawaka moja kwa moja na kutulia? Wewe hukusema, na huyo fundi wako, kwa ulivyoeleza, hakuuliza. Anayekutajia bei ya sensa nne bila kuuliza hilo hajui gari lako lina nini, anajua tu rafuni kwake kuna nini. Mimi nilipata mmoja wa namna hiyo kule Mombasa, na hadi leo nikipita dukani kwake natazama ng'ambo ya barabara, nisije nikafungua mdomo nikalala ndani.

Taa hiyo huwaka kwa namna mbili. Ikiwaka na kutulia tangu mwanzo, kuna tairi ambayo upepo wake umeshuka. Ikipepesa kwa dakika moja au moja na nusu, kisha ikatulia ikiwa bado inawaka, na ikarudia hivyo kila unapowasha gari, basi mfumo wenyewe una kasoro, na mara nyingi ni sensa isiyojibu, yaani kile kipimo cha upepo kilichomo ndani ya kila tairi. Hapo unaweza kujaza upepo mpaka pampu ichoke na taa isizime, maana haikulalamikia upepo.

Yangu ilikuwa inapepesa. Niliiona kila asubuhi nikadhani ndiyo desturi ya gari. Fundi wa kwanza, hapa hapa Malindi, alinishauri niongeze tu, "itazima ikifika PSI 40." Kibandiko cha mlangoni kinasema 33. Nikaenda na 40 siku kadhaa, matuta ya Gede yakanihesabia pingili zote za mgongo, na barabara ikilowa kidogo breki zikawa za kuombea dua. Taa iko pale pale. Kwa hivyo hilo la kuongeza ukiambiwa, kataa.

Sasa njoo kwenye hasara yenyewe. Nikashuka Mombasa, nikaingia dukani, nikasema nataka sensa za gari langu. Muuzaji hakuuliza limetengenezwa kwa soko gani, hakuuliza namba ya chesi, hakutaka hata kuiona sensa ya zamani. "Sensa ni sensa, bosi, zote zaingia." Kuingia ziliingia, wallahi. Zilikaa kwenye rimu kana kwamba zilizaliwa humo. Nikalipa pesa ambayo ingeninunulia tairi mbili mpya, nikamlipa na fundi wa pancha kuvua tairi nne, kubadilisha, kurudisha na kubalansi. Nikawasha gari. Taa ikanipepesea kama kawaida.

Kumbe sensa hizi ni vijiredio. Kila moja hutuma ujumbe wake hewani, na gari lina kipokezi kilichotegwa kwenye masafa mamoja tu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani husikiliza megahezi 315, ya Ulaya husikiliza megahezi 433. Muuzaji alinipa za 433. Zilikuwa nzima kabisa, zikituma ujumbe usiku na mchana, na hakuna aliyekuwa akizisikia. Masafa hayo huandikwa ubavuni mwa sensa. Yeye alizishika mkononi akaniuzia, na mimi nilizishika nikalipa. Niliporudi akaniambia vitu vya umeme vikishafungwa havirudishwi. Kwa kuuza ana sheria moja tu, kwa kurudisha anazo mia.

Ungedhani nimekoma. Nikatafuta za 315, tairi zikavuliwa tena, na yule fundi wa pancha sasa ananiita mjomba. Taa ikapepesa vile vile. Hapa ndipo nilipojua kwamba masafa peke yake hayatoshi. Kila sensa ina namba yake ya utambulisho, na kompyuta ya gari hutunza orodha ya namba inazozikubali. Sensa ngeni isiyo kwenye orodha, gari halina habari nayo. Kuna magari ambayo hujifunza namba mpya yenyewe yakiendeshwa kwa muda, lakini mengi ya Japani hutaka mtu achomeke mashine chini ya usukani aiandike namba hiyo.

Aliyenitoa shimoni ni kijana mmoja wa umeme wa magari mwenye kifaa cha kushika mkononi. Unakisogeza karibu na valvu, kinaiamsha sensa, na sensa ikiwa hai inajibu: namba yake, upepo, joto, na hali ya betri. Nilikuwa nimezitunza sensa za zamani kwenye mfuko wa plastiki, kwa uchoyo tu. Akazisoma moja moja pale mezani. Tatu zikajibu, betri salama. Moja, ya nyuma kushoto, kimya. Nilikuwa nimenunua sensa nane, na iliyokufa ilikuwa moja!

Tena hata hiyo moja hakuiandikisha upya kwenye gari. Namba ya sensa huchapwa kwenye ganda lake, kwa hivyo hata ikifa bado inasomeka kwa macho. Alichukua sensa tupu ya kuandikika, ya 315, akaiandika namba ile ile ya marehemu, akaifunga pamoja na zile tatu za zamani zilizojibu. Gari halikujua kama kuna aliyezikwa. Tukazunguka mjini robo saa hivi, taa ikazima.

Ndiyo maana nakwambia usinunue kabla ya kusoma. Kusoma hakuhitaji kuvua tairi hata moja. Kifaa kinasoma kutoka nje, tairi ikiwa imefungwa na gari limesimama. Fundi asiye na kifaa hicho akikwambia "betri zimekufa," muulize amejuaje.

Lakini nimtendee haki kidogo, huenda amepatia nusu. Betri ya sensa imezibwa kwa gundi ngumu ndani ya ganda, haikutengenezwa ibadilishwe, na ikiisha unabadilisha sensa nzima. Umri wake ni kama miaka 5 hadi 10. Sasa piga hesabu: sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na watu wengi huagiza la miaka 7. Maana yake gari likishuka bandarini Kilindini, sensa zake ni wazee tayari. La kwako ni la 2016, kwa hivyo moja kufa si ajabu. Zote nne kufa wiki moja ndiyo siamini mpaka nione kwenye kioo cha kifaa. Pia, kama tairi zako zimekwisha na unazivua kuweka mpya, hapo kubadilisha zote nne kwa pamoja kuna akili, maana kazi ya kuvua unailipa mara moja. Yangu nyingine ilikufa baadaye, sikatai, lakini niliinunua moja, kwa bei ya moja.

Betri inayoelekea kufa huwa na vituko. Leo taa inapepesa, kesho imezima, hasa asubuhi za baridi za msimu wa kusi, halafu mchana inakuwa sawa. Usiichanganye na taa ya baridi ya kweli, ambayo haipepesi.

Hiyo ya baridi ni hivi. Umetoka Mombasa saa saba mchana, lami inachoma, tairi ina joto la nyuzi 55 au zaidi. Unaingia kituo cha mafuta, unajaza mpaka geji isome 33, unaridhika. Usiku tairi inapoa hadi nyuzi 25. Upepo ule ule, bila kutoboka, asubuhi unasoma kama 28 au 29. Ikiwa ulijaza 31 kwa geji ya kituo, na geji za vituo zinasema zinavyotaka, uko karibu kabisa na mpaka wa taa, ambao kwa magari mengi ni robo au moja ya tano chini ya kibandiko. Kwa 33 ni kama 25 au 26. Tairi moja iliyokuwa nyuma ya wenzake inatosha kuiwasha alfajiri, na ukifika Gede imezima kwa sababu tairi imepata joto. Kwa hivyo pima asubuhi gari halijatembea, au limelala kivulini saa tatu angalau, na ujaze kwa namba ya kibandiko cha mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako.

Ukishajaza hivyo, endesha kwanza. Sensa hulala gari likisimama, na nyingine hazitumi habari mpya mpaka gurudumu lizunguke dakika kadhaa. Usikasirike pale pale penye pampu. Na kama kuna kitufe cha kuseti chini ya usukani, usikibonyeze tairi zikiwa moto au kabla ya kupima, kwa sababu kinaliambia gari kwamba upepo wa sasa ndio sahihi. Sensa iliyokufa hakiifufui. Tena angalia na tairi ya akiba, magari mengine imo sensa humo pia na hakuna anayeikumbuka.

Ukifika kwa fundi wa pancha, mwambie valvu ina sensa kabla hajashika chuma. Asikandamize tairi upande wa valvu, maana ganda la sensa linakaa hapo hapo ndani na huvunjika kirahisi. Na kwa chumvi yetu hii ya pwani, weka vifuniko vya plastiki kwenye valvu za alumini. Vya chuma hushikana na kutu, ukivilazimisha unaondoka na valvu yenyewe, na sensa juu yake.

Na hiyo safari ya Mokowe, taa ikiwa inapepesa, ujue gari haliwezi kukuonya tairi ikianza kuvuja, kwa hivyo nunua geji yako ya mkononi uiweke kwenye dashibodi mpaka sensa itengenezwe.

Basi kesho asubuhi washa swichi, tazama hiyo taa dakika mbili bila kugusa kitu, uje utuambie hapa imefanya nini. Huyo fundi mwambie unafikiria.