Kabla Hujaandika "Waziri Aliliambia Bunge"

Wadogo zangu wa Sayansi ya Siasa, wiki hii nimesoma rasimu za insha zenu hapa Dodoma, na katika nyingi nimekuta tanbihi ile ile: "Hansard, 2021". Bunge la Bajeti peke yake huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na kila kikao kina Hansard yake, yaani Taarifa Rasmi ya Bunge, nayo ni ndefu. Msomaji akatafute wapi?

Kwanza, tajeni Bunge ni la ngapi, Mkutano, Kikao, tarehe kamili na ukurasa. Hesabu ya Mikutano huanza upya kwa kila Bunge jipya, kwa hiyo Mkutano wa Tatu wa Bunge la Kumi na Moja si ule wa Bunge la Kumi na Mbili.

Pili, hakikisheni kwamba maneno mnayoyanukuu yalitamkwa. Hapa ndipo nilipoanguka nikiwa mwaka wa pili. Nilikuwa naandika insha kuhusu uwajibikaji wa Serikali kwa Bunge, nikapakua taarifa ya kikao ambacho waziri mmoja aliwasilisha bajeti ya wizara yake, na badala ya kuisoma nikatafuta neno moja tu. Nikapata aya nzuri, waziri akieleza kwamba mradi ulichelewa kwa sababu mkandarasi hakulipwa kwa wakati. Nikaandika kwamba waziri alikiri jambo hilo mbele ya wabunge, kisha nikapitia michango ya siku ile, nisione mbunge hata mmoja aliyeligusa. Nikahitimisha kwamba Bunge lilisikia likanyamaza, na insha yangu yote ikasimama juu ya ukimya huo.

Mwalimu aliniita ofisini. Alifungua taarifa ile ile, akairudisha nyuma kutoka kwenye aya yangu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka tukafika mahali waziri aliposema "naomba kutoa hoja". Chini kidogo palikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, nami nilikuwa nimekiruka: hotuba ya Waziri kama ilivyowasilishwa Mezani. Akaweka ncha ya kalamu kwenye kioo cha kompyuta, chini ya maneno hayo, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa nani anazungumza?" Sikuwa na jibu.

Waziri hupewa muda maalumu, kwa hiyo mara nyingi husoma muhtasari, kisha humwomba Spika hotuba yote iingie kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Hotuba hiyo huchapishwa baada ya maneno yaliyotamkwa, nayo pia imejaa "Mheshimiwa Spika", ndiyo maana jicho hudanganyika. Mkiona aya zenye namba na majedwali, na kurasa nyingi zinapita bila "(Makofi)", shukuni, lakini msihukumu kwa dalili hizo pekee. Rudini nyuma mpaka mkione kichwa cha habari.

Aya yangu haikuwa ya kutupwa. Ilikuwa ushahidi halali wa msimamo wa Serikali, ila ilipaswa kuandikwa "katika hotuba iliyowasilishwa Mezani, Waziri alieleza". Kilichoporomoka ni hoja ya ukimya. Wabunge huweza kukisoma kitabu cha hotuba, lakini kutojibu aya ambayo haikusomwa ukumbini ni jambo tofauti kabisa na kunyamaza baada ya kuisikia. Niliandika upya nusu ya insha, na alama za kuchelewa zikakatwa.

Tatu, angalieni "K.n.y." kwenye kipindi cha maswali. Mbunge akisimama kwa niaba ya mwenzake, swali la msingi ni la mwenzake huyo, ila la nyongeza hulisema yeye aliyesimama. Mmoja wenu amemsifu mbunge kwa kufuatilia jambo kwa maswali ya nyongeza ambayo siku ile aliyauliza mtu mwingine.

Nne, mkinukuu kauli kali, someni kurasa zinazofuata, kwani huenda mbunge alitakiwa kuifuta akaifuta.

Kuhusu hotuba za viongozi nje ya Bunge, kumbukeni kwamba hazina Hansard. Hotuba ya Rais Samia Suluhu Hassan bungeni ya tarehe 22 Aprili 2021 mtaitafuta kwenye Taarifa Rasmi, lakini ya mkutano wa hadhara itahitaji rekodi, nanyi mtaje dakika. Andiko lililogawiwa kabla linaonyesha kilichokusudiwa tu, maana viongozi wetu huliacha karatasi wakazungumza wenyewe.

Na kwa kuwa insha zenu mnaziandika kwa Kiingereza, wekeni Kiswahili cha asili kwenye tanbihi na mseme tafsiri ni yenu. Katika rasimu moja, jibu la naibu waziri, "tumelipokea, tutalifanyia kazi", limegeuzwa kuwa ahadi ya utekelezaji, kisha Serikali ikalaumiwa kwa kuivunja. Aliyezoea kusikiliza Bunge anajua kwamba maneno hayo yanaahidi kulitazama jambo, na hayasemi kwamba litatekelezwa wala lini.