Steti zilipungua, waya zikaongezeka

Kupunguza steti za saketi si lazima kupunguze chipu na waya: ushauri huu nimeulipia kwa jumamosi nzima juu ya bredibodi. Nilikua natengeneza saketi ndogo inayosoma biti moja moja kwenye waya x, na kila ikiona 1011 itoe z=1. Mpango wa kwanza ulikua wa kivivu tu: flipflopu tatu kwenye foleni, kila kloku biti mpya inaingia Q0, ya zamani inasogea Q1, halafu Q2. Yaani saketi inakumbuka biti tatu zilizopita, basi. Hizo ni steti 8, kuanzia 000 mpaka 111, biti ya zamani zaidi (Q2) ikiandikwa kwanza.

Nikajisemea, steti 8 kwa kazi hii ni ufujaji, ngoja niziunganishe kama tulivyofundishwa. Steti mbili ni sawa kama kwa kila ingizo zinatoa jibu lile lile na zinaenda kwenye steti ambazo nazo ni sawa. Hapo penye "nazo" ndipo watu wanaponaswa. Angalia 001 na 101, zote ukiingiza 0 unaenda 010, ukiingiza 1 unaenda 011, kwa haraka haraka utasema ni pacha, lakini 101 ikipata 1 inatoa z=1 na mwenzake anatoa 0. Haziunganiki hata kidogo. Upande wa pili, 001 na 011 ukizitazama mara moja zinaonekana tofauti kwa sababu ya pili inaenda 110 na 111, mpaka kwanza ugundue kwamba 110 ni sawa na 010, na 111 ni sawa na 011, ndio unarudi na kuona kumbe na hizi ni kitu kimoja. Kwa hiyo ukipita jedwali mara moja tu ukaacha, unabaki na steti za ziada bila kujua.

Mimi napenda kuanzia upande mwingine, kwa kugawa. Kwanza nazitenga kwa jibu: 101 peke yake, saba zilizobaki pamoja. Kisha ndani ya hizo saba nani akipata 1 anaingia 101? Ni 010 na 110, watoke. Kisha nani akipata 0 anaingia kwenye hilo kundi jipya? Ni 001, 011 na 111, nao watoke. Wamebaki 000 na 100, na ukijaribu kugawa tena hakuna kinachogawanyika. Makundi manne: A (000, 100), B (001, 011, 111), C (010, 110) na D (101). Steti 8 zimekua 4, flipflopu 3 zimekua 2. Nilifurahi sana jamani.

Furaha ikaisha nilipoandika milinganyo. Nilizipa namba kwa mpangilio, A=00, B=01, C=10, D=11 (biti ya kwanza Q1, ya pili Q0), ikatoka hivi, D0 na D1 zikiwa ni maingizo ya flipflopu, sio ile steti D, na alama ' ikiwa ni biti iliyogeuzwa:

```
D0 = x
D1 = x'Q0 + xQ1Q0'
z  = xQ1Q0
```

Ile foleni ya mwanzo ilikua hivi:

```
D0 = x
D1 = Q0
D2 = Q1
z  = xQ2Q1'Q0
```

Umeona? Foleni haina geti hata moja kati ya flipflopu na flipflopu, ina AND moja tu ya kutoa jibu. Kwenye bodi ni chipu mbili, 74HC175 na 74HC21. Ile "ndogo" ikataka 74HC74, 74HC11 ya AND tatu, 74HC32 ya OR, na 74HC04 kwa ajili ya kugeuza x, chipu nne na msitu wa waya. Sababu ni kwamba kwenye foleni kila biti ya steti ina maana yake yenyewe na inajihamisha tu, ila ukishaunganisha, maana zinabanwa kwenye biti chache na geti ndio zinapewa kazi ya kuzifumbua.

Kabla hujalaumu kuunganisha, badilisha namba kwanza. Nilipoweka A=00, B=11, C=10, D=01 mambo yakalegea:

```
D0 = x
D1 = Q0 + xQ1'
z  = Q0xQ1'
```

Hapo xQ1' inatumika mara mbili, x haihitaji kugeuzwa, chipu zikashuka mpaka tatu (74HC74, 74HC08, 74HC32). Steti ni zile zile nne, sikugusa kitu zaidi ya majina. Bado foleni imeshinda kwa chipu moja.

Sisemi usiunganishe. Kutoka 5 kwenda 4 unaokoa flipflopu nzima, ila kutoka 8 kwenda 5 huokoi hata moja, bado unahitaji tatu, unachopata ni namba tatu zisizotumika ambazo zinaweza kurahisisha milinganyo au zikakuletea steti ya kukwama umeme ukiwashwa. Andika milinganyo ya pande zote mbili kwenye karatasi kabla ya kushika waya.

Mimi nilichomoa zote nikarudi kwenye 74HC175. Ina flipflopu nne na foleni inatumia tatu, ile ya nne nikaipitishia z, jibu linachelewa kloku moja lakini linatoka safi bila vile vimweko vya katikati ya kloku. Kwenye 74HC74 nafasi hiyo haipo, zote mbili zina kazi.