Nani atauza nguo nje, na mshahara utaelekea wapi: kwa mnaoanza nadharia ya Heckscher na Ohlin

Nadharia hii husema kwamba nchi huuza nje bidhaa inayotumia zaidi kile ilicho nacho tele, nguvukazi au mtaji. Kosa nililolifanya nilipoanza somo hili, na ambalo bado nalikuta katika karatasi ninazosahihisha, ni kuhesabu wafanyakazi badala ya kutafuta uwiano wao na mtaji. Chukueni nchi A yenye wafanyakazi 100 na mtaji vipande 140, na nchi B yenye wafanyakazi 60 na mtaji vipande 48. Wengi huandika kwamba A ndiyo yenye nguvukazi tele kwa sababu ina watu wengi zaidi, ilhali kila mfanyakazi wa A ana mtaji vipande 1.4 na wa B ana 0.8 tu, na kwa hiyo yenye nguvukazi tele ni B.

Sasa tuseme katika nchi zote mbili nguo moja huhitaji wafanyakazi 2 na mtaji kipande 1, na mashine moja huhitaji mfanyakazi 1 na mtaji vipande 2. Ili wote wapate kazi na mtaji wote utumike, B itazalisha nguo 24 na mashine 12, na A nguo 20 na mashine 60. Kwa kuwa tunachukulia kwamba wanunuzi wa pande zote wana mapendeleo yaleyale, nguo zitakuwa rahisi B kabla ya biashara, na B ndiyo itakayoziuza nje.

Kuhusu mshahara, anzeni na bei, kwa maana ushindani hufanya bei ilingane na gharama. Tuseme kabla ya biashara nguo na mashine huuzwa 12 kila moja huko B:

```
2w + r = 12
w + 2r = 12
```

Hapa w ni mshahara na r ni malipo ya mtaji, na vyote viwili ni 4. Biashara ikipandisha bei ya nguo hadi 13.2, mashine ikibaki 12, w inakuwa 4.8 na r inakuwa 3.6. Angalieni vizuri: bei ya nguo imepanda kwa asilimia 10, mshahara kwa asilimia 20. Kila kiwanda cha mashine kinachopunguza kazi huachia mfanyakazi 1 kwa mtaji vipande 2, wakati washonaji wanataka kinyume chake, na kung'ang'aniwa huko kwa wafanyakazi ndiko kunakopandisha mshahara kupita bei yenyewe. Hivyo mfanyakazi wa B ananunua zaidi nguo na mashine pia, jambo ambalo Stolper na Samuelson walilithibitisha mwaka 1941.

Huko A, nguo iliyokuwa 14.4 inashuka hadi 13.2, na mshahara unashuka kutoka 5.6 hadi 4.8. Msiliruke sharti lililojificha hapa, kwamba wafanyakazi na mtaji huhama bila kizuizi kutoka sekta moja hadi nyingine. Mtaji ukiwa umekwama katika viwanda vilevile, malipo yake katika nguo za B yatapanda badala ya kushuka, na hesabu hii haitafaa mpaka uweze kuhama.